Dashibodi ya Jumatatu: namba zipi zibaki mezani

Dashibodi za timu nyingi za masoko zina namba ishirini au thelathini, kila moja na mshale wake wa kijani au mwekundu. Kuna watu waliofikiwa, waliotazama video, wafuasi wapya, waliobofya, gharama ya kila mbofyo, muda waliokaa kwenye tovuti. Kikao cha Jumatatu kinakula saa nzima kuzisoma. Kikiisha, bajeti iko palepale, matangazo ni yaleyale, na kila mtu anarudi kwenye kiti chake. Namba zote zilikuwa sahihi, ila hakuna aliyekuja kikaoni na uamuzi uliokuwa ukizisubiri.

Kazi ya kutengeneza dashibodi ya wiki inaanzia kwenye uamuzi. Kabla ya kugusa Google Sheets au programu yoyote, kaa na timu uandike ni mambo gani timu hii ina mamlaka ya kuyabadilisha kati ya Jumatatu hii na Jumatatu ijayo. Orodha huwa fupi kuliko watu wanavyodhani. Timu inaweza kuhamisha pesa kutoka njia moja ya matangazo kwenda nyingine, kusimamisha tangazo na kuweka jipya, kupunguza au kuongeza kasi kulingana na uwezo wa wanaopokea wateja, na kubadilisha namna oda inavyothibitishwa kabla ya kutumwa. Kubadilisha jina la biashara si jambo la wiki, wala kufungua tawi Mwanza. Namba zinazohusu mambo hayo zina karatasi yake ya mwezi au ya robo mwaka.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue duka la kubuni. Linauza mashuka na mapazia, lina stoo Kariakoo, na wateja wake wengi linawapata mtandaoni. Linatangaza Instagram na Facebook kupitia Meta, na tangazo likibofywa linamfungulia mteja WhatsApp. Linatangaza pia kwenye utafutaji wa Google. Mteja wa Dar es Salaam analetewa mzigo na bodaboda na kulipa akiupokea. Wa mikoani mzigo wake unapakiwa kwenye basi, na yeye pia, kwa sera ya sasa, analipa mzigo ukifika kwa wakala wa duka. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, lakini mpangilio wake utautambua kama umewahi kuuza hivi.

Jumatatu moja timu inasoma kwamba wiki fulani Meta ililipwa shilingi 1,200,000 ikaleta mazungumzo 600 ya WhatsApp, yaani 2,000 kwa kila mazungumzo. Google ililipwa 400,000 ikaleta mazungumzo 90, yaani 4,444 kila moja. Ukiishia hapo, uamuzi unaonekana wazi: Google ni ghali zaidi ya mara mbili, pesa yake ipelekwe Meta. Sasa fuata watu hao hao mpaka mzigo ulipowafikia.

| | Meta | Google |
|---|---|---|
| Matumizi (TSh) | 1,200,000 | 400,000 |
| Mazungumzo | 600 | 90 |
| Oda | 132 | 42 |
| Oda zilizofika na kulipwa | 94 | 38 |
| Gharama kwa oda iliyofika (TSh) | 12,766 | 10,526 |

Mambo yamegeuka. Aliyekuwa akipitia picha Instagram saa nne usiku akaona shuka zuri, aliuliza bei, na mara nyingi akaishia hapo. Aliyeandika kwenye Google "mashuka ya pamba sita kwa sita bei" alikuwa ameshaamua kununua, akitafuta wa kumuuzia. Gharama ya mazungumzo haiwezi kuonyesha tofauti hiyo kwa sababu inapimwa mapema mno. Kwa hiyo namba ya kwanza kwenye dashibodi ya duka hili ni gharama kwa oda iliyofika, ikigawanywa kwa kila njia ya matangazo.

Namba hiyo peke yake bado haiamui kitu mpaka iwe na kikomo, na kikomo hakitoki Meta wala Google, kinatoka kwenye hesabu ya duka. Tuseme oda ya wastani ni 65,000. Kununua bidhaa ni 36,000, kufunga na kusafirisha ni 5,000, inabaki 24,000. Kodi ya stoo na mishahara, ikigawanywa kwa idadi ya oda za kawaida, inakula 10,000. Inabaki 14,000. Njia ya matangazo ambayo wastani wake unavuka 14,000 inalifanya duka lifanye kazi ya bure. Namba hii iandikwe pembeni ya gharama halisi, na ihesabiwe upya kila bei ya kununulia au nauli ikibadilika. Timu ya masoko isiyojua faida ya oda moja haina namna ya kujua kama 12,766 ni nzuri au mbaya, na nimeona timu nyingi zikijipima kwa "wiki iliyopita" kwa sababu hiyo tu.

Hapa mtu makini atasema: basi Google iongezwe pesa. Huenda, lakini wastani una mtego. Wanaotafuta mashuka kwenye Google kwa wiki wana idadi yao, na ukishawafikia wengi, shilingi inayofuata inakwenda kwenye maneno ya pembeni na kwenye kugombea nafasi ya juu. Tuseme bajeti imepandishwa kutoka 400,000 hadi 600,000 na oda zilizofika zimepanda kutoka 38 hadi 46. Wastani mpya ni 13,043, bado uko chini ya kikomo, na dashibodi ya kawaida ingeendelea kuonyesha kijani. Lakini nyongeza ya 200,000 imeleta oda 8 tu, yaani 25,000 kwa kila oda ya ziada. Kila moja inaliachia duka 24,000 kabla ya tangazo. Zote nane zimeuzwa kwa hasara ya shilingi elfu moja moja, hata kabla ya kufikiria kodi.

Kwa hiyo wiki ambayo bajeti imebadilishwa, dashibodi ionyeshe mstari mmoja wa ziada: pesa iliyoongezwa, oda zilizoongezeka, gharama ya kila oda ya ziada. Wastani unalinganishwa na 14,000, na nyongeza inalinganishwa na 24,000, kwa kuwa kodi na mishahara vitalipwa oda hizo zije au zisije. Tofauti ya oda nane inaweza pia kuwa bahati tu ya wiki, kwa hiyo bajeti mpya ipewe wiki tatu au nne kabla ya kuhukumiwa. Hilo la bahati nitalirudia.

Swali linalofuata ni la kiufundi: utajuaje oda hii imetoka wapi? Jibu rahisi la kutegemea majukwaa yenyewe halitoshi. Kwa kawaida Meta hujihesabia ununuzi uliofanyika ndani ya siku 7 baada ya mtu kubofya tangazo, au siku 1 baada ya kuliona bila kubofya. Google nayo ina dirisha lake. Dada aliyebofya tangazo Instagram Jumatano, kisha Ijumaa akaandika jina la duka kwenye Google na kununua, anaweza kuhesabiwa na wote wawili. Jumlisha mauzo wanayojihesabia na utapata oda nyingi kuliko zilizotoka stoo. Mauzo ya WhatsApp yana tatizo la kinyume, kwani majukwaa mara nyingi hayaoni kilichotokea baada ya "habari, shuka hili bei gani?"

Kwa duka la ukubwa huu, daftari la oda ndilo mwamuzi. Kila njia inapewa ujumbe ulioandikwa tayari, wenye alama, ambao mteja anautuma akibonyeza kitufe. Kwenye ukurasa wanaofikia watu wa Google, kiungo kinakuwa hivi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20mashuka%20(G1)
```

Anayepokea anaandika G1 kwenye daftari. Tangazo la Meta linakuwa na M1, M2 na kuendelea. Wateja wanaolitafuta duka kwa jina lake wapewe alama ya peke yao, tuseme J, wasichanganywe na G. Hao walishalijua duka, pengine kwa jirani, pengine kwa tangazo la Instagram. Ukiwaweka kwenye kapu la Google utaipamba Google kwa kazi isiyoifanya, na ile 10,526 ya kwenye jedwali inaaminika tu kama J wametolewa. Baadhi ya wateja watafuta alama kabla ya kutuma, na hao waandikwe "haijulikani" badala ya kukisiwa. Sharti ni moja: jumla ya alama zote, pamoja na zisizojulikana, ilingane na oda zilizotoka stoo.

Daftari likiwa na tarehe ya oda kwenye safu A, alama ya njia kwenye C na hali ya oda kwenye E, na Jumatatu ya kuanzia wiki ikiwa kwenye seli B1, idadi ya oda za Meta zilizofika inapatikana kwa mstari mmoja:

```
=COUNTIFS(Oda!A:A,">="&B1,Oda!A:A,"<"&B1+7,Oda!C:C,"M*",Oda!E:E,"Imefika")
```

Angalia kwamba fomula inachuja kwa tarehe ya oda, wala haitazami tarehe ya kufika. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo huharibu dashibodi nyingi za wiki. Ukigawanya matumizi ya wiki hii kwa mizigo iliyofika wiki hii, unachanganya pesa ya wiki moja na wateja wa wiki mbili. Wiki uliyokata bajeti itaonekana ya ajabu kwa uzuri, kwa sababu mizigo ya wiki iliyotangulia bado inaingia. Wiki uliyoongeza itaonekana mbovu. Utapongezwa kwa kusimamisha matangazo.

Kuchuja kwa tarehe ya oda kunaleta shida yake, nayo ni uchanga wa namba. Oda ya Ijumaa ya kwenda Songea huenda Jumatatu asubuhi bado haijachukuliwa kwa wakala. Chukua wiki ile ile ya Meta yenye oda 132. Jumatatu ya kwanza baada ya wiki kuisha, zilikuwa zimefika 65 tu. Gawanya 1,200,000 kwa 65 na unapata 18,462, mbali juu ya kikomo. Mkuu wa masoko anayeiona namba hiyo bila maelezo atasimamisha tangazo saa tatu asubuhi. Wiki mbili baadaye zimefika 94 na gharama ni 12,766, lakini tangazo lilishakufa. Uchanga huu hauishii kwenye daftari. Google Ads, katika safu yake ya kawaida ya `Conversions`, huirudisha oda kwenye siku ya mbofyo, hivyo namba za wiki iliyopita zinaendelea kukua siku baada ya siku. Ukitaka kuziona kwa siku ya ununuzi kuna safu nyingine, `Conversions (by conv. time)`. Mtu akinakili namba moja Jumatatu na nyingine Alhamisi, watabishana bure.

Suluhisho ninalolipenda halina ufundi mwingi. Gharama kwa oda iliyofika ionyeshwe kwa wiki iliyokomaa tu, yaani ile iliyoisha siku 14 zilizopita, na iandikwe hivyo kwa herufi zinazoonekana. Kwa wiki iliyoisha jana, dashibodi ionyeshe idadi ya oda zilizowekwa, basi. Hiyo ndiyo namba ya pili, na kazi yake ni kengele. Oda zikianguka ghafla, kuna kitu kimekatika: kiungo kimekufa, namba ya simu imefungiwa, shuka linalotangazwa limeisha stoo. Mwenye haraka anaweza kukadiria. Kama kwa miezi kadhaa duka limeona kwamba Jumatatu ya kwanza huwa zimefika takribani asilimia 70 ya zitakazofika, basi 65 gawanya kwa 0.7 ni kama 93, na gharama inakadiriwa kuwa 12,900 hivi. Kadirio liandikwe kwa rangi ya kijivu, lisionekane kama ukweli uliokamilika.

Sasa lile la bahati. Hizi ni gharama za Meta kwa oda iliyofika, kwa maelfu ya shilingi, wiki kumi mfululizo: 12.6, 13.4, 12.1, 13.9, 12.8, 13.5, 12.2, 13.0, 13.7, 12.8. Kwa dashibodi ya mishale, hizi ni wiki za vurugu. Mshale mwekundu, kijani, mwekundu, kijani, na kila mwekundu unadai maelezo. Mtu atasema ni mvua, mwingine atasema mshindani ameshusha bei, na wote watakuwa wanaeleza mtikisiko ambao ungetokea hata kama hakuna kilichobadilika.

Walter Shewhart, mhandisi wa Western Electric huko Marekani, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu, alichora mwaka 1924 chati ya kutenganisha mtikisiko wa kawaida na mabadiliko ya kweli. Namna yake moja inafaa sana kwa namba za wiki. Tafuta wastani wa wiki zote, hapa ni 13.0. Kisha tafuta tofauti kati ya kila wiki na inayofuata bila kujali alama ya kutoa: 0.8, 1.3, 1.8, 1.1, 0.7, 1.3, 0.8, 0.7, 0.9. Wastani wa tofauti hizo ni 1.04. Zidisha kwa 2.66, namba isiyobadilika ya chati ya aina hii, unapata karibu 2.8. Ongeza na punguza kwenye wastani, na una ukanda wa kutoka 10.2 hadi 15.8. Wiki yoyote ndani ya ukanda huo haina habari mpya. Wiki nje ya ukanda ina sababu, itafutwe. Wiki nane mfululizo upande mmoja wa wastani nazo zina sababu, hata kama kila moja iko ndani.

Kwa hiyo kwenye mchoro kuna mistari ya aina mbili, na watu huichanganya. Ukanda unaeleza kama kuna kitu kimebadilika. Kikomo cha 14,000 kinaeleza kama duka linaweza kumudu. Wiki ya 14.6 imevuka kikomo lakini iko ndani ya ukanda, na kwa wiki moja hiyo hakuna cha kufanya. Lakini njia ambayo wastani wake ni 14.6 wiki hadi wiki haina tukio la kuchunguza. Ndivyo ilivyo, na dawa yake ni kubadilisha kitu kikubwa: bidhaa inayotangazwa, bei, au namna ya kuuza. Kumuuliza mtu wa matangazo "Jumatano kulitokea nini?" hakutasaidia.

Google yenye oda 38 kwa wiki inatikisika zaidi. Kwa idadi ndogo hivi, kupanda au kushuka kwa kama sita kunaweza kutokana na bahati tupu, kwa sababu mtikisiko wa bahati kwa kawaida hukaribia kipeuo cha pili cha idadi yenyewe, na cha 38 ni kidogo zaidi ya 6. Hiyo ni karibu asilimia 16. Njia yenye oda chini ya thelathini kwa wiki isihukumiwe kwa wiki kabisa, ionyeshwe kama jumla ya wiki nne zilizopita.

Wiki nne zina faida nyingine hapa kwetu. Wiki ya mshahara na wiki ya katikati ya mwezi hazifanani, na kuzilinganisha moja kwa nyingine ni kupima tarehe ya benki. Kulinganisha na mwaka jana pia kuna kasoro. Idi husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na kwa duka la mapazia, wiki mbili za kabla ya Idi ni msimu. Wiki ya aina hiyo iwekewe alama kwenye mchoro na iachwe nje ya hesabu ya ukanda, la sivyo ukanda utapanuka mpaka usikamate kitu.

Namba ya tatu ni sehemu ya oda zinazofika. Watu wa masoko huiona ni ya watu wa usafirishaji, na nadhani hapo ndipo wanapopoteza pesa nyingi kuliko kwenye tangazo lolote. Kwa Meta, oda 94 kati ya 132 zilifika, yaani asilimia 71. Zilizobaki mteja hakupokea simu, au alisema hajajipanga, au basi lilifika na hakuna aliyekwenda kuchukua. Ikipanda hadi asilimia 80, oda 106 zingefika kwa pesa ileile ya tangazo, na gharama ingeshuka hadi 11,321. Hakuna tangazo jipya linaloahidi punguzo la namna hiyo kwa wiki. Uamuzi unaoisubiri namba hii uko wazi: ikishuka chini ya, tuseme, asilimia 70 kwa wiki iliyokomaa, wa mikoani aanze kutanguliza nauli kwa pesa za simu, na wa Dar es Salaam apigiwe kabla bodaboda haijaondoka. Sera ya nauli itapunguza oda zinazowekwa, na hiyo si hasara. Ndiyo maana namba ya pili na ya tatu zisomwe pamoja, maana anayepimwa kwa oda zilizowekwa tu ataandika hata za wasio na nia.

Namba ya nne ni mazungumzo yaliyokaa bila jibu zaidi ya saa moja ndani ya muda wa kazi. Mazungumzo 600 kwa wiki, kwa watu wawili wenye simu mbili, ni karibu hamsini kwa kila mmoja kwa siku sita za kazi. Idadi hiyo ikizidi uwezo wao, pesa ya tangazo inanunua watu watakaosubiri mpaka wakanunue kwingine. Inapovuka kiwango ambacho duka limejiwekea, uamuzi ni mmoja kati ya miwili, kumwongeza mtu au kupunguza bajeti ya Meta mpaka watu waliopo waweze. Bila namba hii, kushuka kwa oda kutalaumiwa picha ya tangazo.

Ya tano inahusu uchovu wa tangazo. Kwa kila tangazo linalotumia pesa nyingi, onyesha wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona, safu ambayo Meta huiita `Frequency`, pembeni ya gharama ya mazungumzo ya wiki nne. Ya kwanza ikipanda na ya pili ikapanda nayo, picha mpya iandaliwe. Moja ikipanda bila mwenzake, acha. Hapa ndipo gharama ya mazungumzo, tuliyoikataa mwanzoni kama kipimo cha njia, inapopata kazi yake halali, kwa kuwa inalinganisha tangazo na lenyewe.

Kuna sababu ya kutofanya maamuzi haya kila siku. Meta yenyewe inaeleza kwamba seti ya matangazo inahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja tangu ilipobadilishwa kwa kiasi kikubwa ndipo itulie. Anayegusa bajeti Jumanne, picha Alhamisi na walengwa Jumamosi anairudisha mwanzo kila mara, kisha anashangaa namba zinavyorukaruka.

Namba tano hizo zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa simu, na ni vizuri zienee, maana ndipo zitakaposomwa. Kila moja iwe na kikomo chake, jina la anayeamua, na kitendo kilichoandikwa mapema: ikivuka hapa, fulani anafanya hivi. Chini yake kuwe na safu ya maamuzi ya Jumatatu zilizopita, mstari mmoja kwa kila wiki, na kilichotokea baada yake. Safu hiyo ndiyo huonyesha namba gani inafanya kazi. Iliyokaa miezi mitatu bila kusababisha mstari hata mmoja ihamishwe kwenye karatasi ya mwezi, isipokuwa ni kengele kama ile ya oda zilizowekwa, ambayo kazi yake ni kukaa kimya.

Ubishi mkubwa utakuwa kwenye zilizotolewa. Bosi anapenda wafuasi, na hakuna haja ya kugombana naye, mpe karatasi ya mwezi yenye wafuasi, waliofikiwa na mengineyo. Kama duka linalipwa kutangaza bidhaa za wengine, wafuasi wanaingia kwenye bei ya mkataba na hapo wana haki ya nafasi yao. Asilimia ya waliofungua barua pepe niiondoe bila huruma. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mwenye simu hajaifungua, na barua inahesabiwa imesomwa na mtu ambaye hakuigusa.

Mwenye dashibodi ya namba thelathini hana haja ya kuifuta leo. Aiache ilivyo, atengeneze ukurasa wa namba tano pembeni, na kikao cha Jumatatu kifanyike kwa ukurasa huo peke yake kwa wiki nane. Anayehitaji namba ya zamani aruhusiwe kuifungua, kwa sharti kwamba aandike alikuwa anataka kuamua nini. Baada ya wiki hizo nane, orodha ya maombi hayo itakuwa imeonyesha kama kuna namba ya sita iliyosahaulika.